Kiswahili si kirefu, mfasiri ndiye aliyekirefusha

Miongoni mwa watu wanaotengeneza matangazo ya video humu nchini kuna shutuma moja dhidi ya Kiswahili ambayo imerudiwa hadi ikachukuliwa kuwa kweli isiyohitaji ushahidi. Eti Kiswahili ni kirefu mno. Tangazo la Kiingereza la dakika 1 likitafsiriwa, wanasema, linataka dakika 1 na robo, ilhali picha zimekwisha kukatwa na muziki umekwisha kupangwa. Kinachofuata ni mojawapo ya mambo mawili. Ama msimulizi anakimbizwa hadi asieleweke, ama Kiswahili kinatupwa kabisa na video inaenda hewani kwa Kiingereza, ikiwa na “karibu” moja tu mwishoni, kama ua lililochomekwa kwenye koti la mgeni.

Katika makala hii ninapania kuipima shutuma hiyo kwa mfano mmoja. Ni skripti ya video ya kuitangaza hoteli iliyoko Makutano, mjini Meru, ambayo nililetewa niihakiki baada ya kutafsiriwa. Hoteli yenyewe sitaitaja, kwa sababu kasoro nilizokuta si zake peke yake. Skripti chanzi iliandikwa kwa Kiingereza. Mwenye hoteli alitaka sauti ya Kiswahili kwa ajili ya watu anaowategemea zaidi: wanachama wa vyama vya ushirika wanaotafuta ukumbi, familia zinazopanga harusi, na wasafiri wa humu humu nchini. Picha hazikuwa za kubadilishwa. Maneno ndiyo yaliyotakiwa kuzifuata.

Kabla ya kuhukumu tafsiri ya namna hii, ni sharti tujue ni matini ya aina gani. Katharina Reiss, mtaalamu Mjerumani aliyechapisha kitabu chake kuhusu uhakiki wa tafsiri mwaka wa 1971, alizigawa matini kwa kazi zinazofanya: zipo zinazotoa habari, zipo ambazo uzito wake uko katika umbo na usanii, na zipo zinazokusudia kumfanya mtu atende jambo. Aliongeza kundi la nne, la matini ambazo hazijakamilika bila sauti au picha. Skripti ya video ya hoteli imo katika makundi mawili ya mwisho kwa pamoja. Inamwita mtu aje, na inamwita kwa msaada wa picha. Kwa hivyo kuuliza kama kila neno la Kiingereza limepata mwenzake ni kuuliza swali la matini nyingine. La kuuliza hapa ni haya mawili: je, sauti inatoshea ndani ya sekunde zake? Na je, anayesikiza anahisi kualikwa?

Tuanze na sekunde. Kipimo cha maneno hakifai, maana neno moja la Kiswahili hubeba kiima, wakati, mtendwa na kitendo kwa mkupuo. Kipimo kinachofaa ni silabi. Kwa saa ya mkononi, msimulizi wa tangazo anayesoma bila haraka hutamka silabi 5 hivi kwa sekunde. Akifika 7, anaanza kusikika kama mtangazaji wa mpira straika anapoingia kwenye kisanduku. Tena sauti haifai kujaza kipande cha picha hadi ukingoni. Ni vyema kuacha nusu sekunde ya kupumua kabla picha haijabadilika. Kipande cha sekunde 4, basi, kina nafasi ya silabi 17 hivi. Katika kuhesabu, tusisahau kwamba “m” iliyotangulia konsonanti katika “mlima” au “mgeni” ni silabi kamili. “Mlima” ina silabi 3, si 2.

Kipande cha kwanza cha video hiyo kinaonyesha mkono ukivuta pazia na Mlima Kenya ukijitokeza katika mwanga wa alfajiri. Kina sekunde 4. Kiingereza kilikuwa na maneno 5 mafupi yenye silabi 6, yanayomwambia mgeni aamkie mlima huo. Mfasiri aliandika hivi: “Amka asubuhi huku ukiutazama Mlima Kenya wenye kuvutia.” Hesabu silabi. Ni 26, yaani sekunde 5 na kidogo. Mlima umeshaondoka kwenye skrini kabla haujamaliza kusifiwa.

Mtu wa studio akiona hivyo hulaumu lugha. Lakini hebu tuikague sentensi yenyewe. “Asubuhi” ya nini, na mwanga wa alfajiri unaonekana? “Ukiutazama” ya nini, na mtazamaji anautazama? “Wenye kuvutia” ya nini? Kama mlima huo hauvutii kwenye picha, hakuna kivumishi kitakachouokoa. Mfasiri alitafsiri kana kwamba anamwandikia mtu aliyefumba macho. Nilipendekeza hivi: “Ukifungua pazia, Mlima Kenya huo!” Ni silabi 15, sekunde 3 kamili, na msimulizi anabakiza nafasi ya kunyamaza ili mlima ujisemee.

Iangalie “huo” pale mwishoni. Katika kitabu, kiashiria kama hicho kingehitaji maelezo. Katika video, ni kidole cha msimulizi. Kinaikabidhi picha kazi ya kusifu, na ndivyo tunavyosema nyumbani tunapomwonyesha mgeni kitu: gari hilo, shamba hilo, mlima huo. Kiswahili kina ngeli na viashiria vinavyopatana nazo kwa ajili ya kazi kama hii, na mfasiri aliviacha akakimbilia vivumishi.

Kipande cha pili kinatoa somo tofauti, kwa kuwa hapo sekunde hazikuwa tatizo. Picha 3 zinafuatana, za bwawa la kuogelea, meza ya chakula na kitanda, ndani ya sekunde 5. Kiingereza kiliweka amri 3 za neno mojamoja. Tafsiri ilikuwa “Gundua. Tulia. Jidekeze.” Silabi 10 tu, na nafasi tele. Hata hivyo, kipande hiki kiliniudhi kuliko vyote.

“Gundua” ni kitenzi kinachongoja yambwa. Ukimwambia Mswahili “gundua”, atakuuliza “nini?” “Tulia” nayo, kwa masikio ya Mkenya, ni neno la kumwambia mtoto anayerukaruka kanisani, au ndilo kondakta wa matatu anamwambia abiria anayedai chenji yake: “Tulia, mathe, nitakupa.” Hoteli inayomwambia mgeni wake atulie imemkemea kabla hajafika mapokezi. “Jidekeze” inanukia utoto, kwa maana anayedeka ni mtoto aliyeharibiwa na nyanya yake. Mama wa miaka 60, mweka hazina wa chama, hatapenda kuambiwa ajidekeze, tena kwa amri ya umoja iliyotolewa na sauti ya kijana.

Kiini cha kosa ni kwamba matangazo ya Kiingereza yamezoea amri tupu na wasikilizaji wake hawazihisi kuwa amri. Kiswahili hakina mazoea hayo kwa kiwango hicho. Hatusemi kwamba amri haiwezekani. “Tembea Kenya”, kaulimbiu ya Bodi ya Utalii ya Kenya ya kuwahimiza wananchi kuzuru nchi yao, ni amri, na inakubalika vizuri sana. Inakubalika kwa kuwa kitenzi chake kina pa kushikia: tembea wapi? Kenya. Pia kutembea, katika matumizi yetu, ni kuzuru watu, jambo la heri. Amri 3 zilizopangwa bila kitu cha kushikia ni jambo jingine.

Badala yake nilipendekeza: “Kuna pa kuogelea, pa kula, na pa kupumzika.” Ni silabi 18. Zinatoshea katika sekunde 5 huku zikiacha kituo kifupi baada ya kila “pa”. Mpangilio wake unafuata mpangilio wa picha, na hilo ni la lazima, kwani bwawa likionekana wakati sauti inasema “kula” tutakuwa tumeharibu yote. Hakuna anayeamrishwa. Mwenyeji anamtembeza mgeni, akimwonyesha hapa na pale. Ile “pa” ya mahali ni hazina ya Kiswahili. Inataja mahali na matumizi yake kwa silabi moja.

Kipande cha tatu kinahusu jambo ambalo wafasiri wengi hawalijui hadi walione kwenye skrini. Kamera inapita ukumbini, yaani kwenye ule ushoroba mrefu, kwa sekunde 2, kisha milango inafunguka na bwalo la mikutano linaonekana kwa sekunde nyingine 2. Katika Kiingereza sifa hutangulia na nomino hufuata. Kwa hiyo msimulizi alikuwa akitaja sifa kamera inapotembea, kisha anapotamka jina la mahali, milango inafunguka. Aliyekata picha alilipanga hivyo makusudi.

Kiswahili hutanguliza nomino. Tafsiri ilisema: “Ukumbi wetu wa kisasa wa mikutano wenye uwezo wa kuchukua wageni mia tatu.” Silabi 31, sekunde 6 na ushei. Lakini hata ingekuwa nusu ya hapo, bado ingekuwa na kasoro. “Ukumbi” unatajwa milango ikiwa imefungwa, na milango inapofunguka msimulizi yuko kwenye “wenye uwezo wa”. Mshangao uliokusudiwa umepotea. Isitoshe, kwa kuwa kamera inapita mahali ambapo pia tunaweza kupaita ukumbi, mtazamaji atadhani kile kijia ndicho cha watu 300!

Tiba ilikuwa kuipindua sentensi ili idadi itangulie: “Wageni mia tatu, ukumbi mmoja.” Silabi 13. Msimulizi anataja wageni kamera ikitembea, anashusha pumzi, na “ukumbi mmoja” unatua milango inapofunguka. “Wa kisasa” limeanguka njiani na hakuna atakayelililia. Viti, taa na projekta vinaonekana. Fundisho hapa ni kwamba mfasiri wa video anahitaji kujua neno lipi linatua kwenye picha ipi, na akishajua, aijenge sentensi kuanzia mwisho akirudi mwanzo.

Kipande cha nne kina kosa ambalo lingemgharimu mwenye hoteli wageni halisi. Meza imejaa mayai, viazi vitamu, matunda na birika la chai. Sauti ya Kiingereza ilitaja saa za mlo wa asubuhi, na maandishi ya skrini yanasema 6:30–10:00. Tafsiri ikasema: “Kiamshakinywa kitamu huandaliwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa kumi asubuhi.” Mfasiri alizisoma tarakimu, akasahau kwamba saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo. Saa sita na nusu ni baada ya adhuhuri. Saa kumi, ikiwa si ya alasiri, ni ile ya kabla ya jogoo kuwika mara ya pili. Kwa tafsiri hiyo, mgeni aliyelala hapo hajui kama ale usiku wa manane au asubiri mchana.

Tarakimu za skrini hazihitaji kubadilishwa. Mkenya akiona 10:00 asubuhi husoma “saa nne” bila kufikiri. Amezoea kuishi na saa mbili kichwani. Tatizo huzuka sauti inaposoma tarakimu kama zilivyo. Nilipendekeza: “Chai ya asubuhi ipo hadi saa nne.” Silabi 15. Saa ya kuanza nimeiachia skrini, kwa sababu “saa kumi na mbili na nusu” peke yake inakula silabi 10, sekunde 2 nzima. Na “chai” nimeichagua badala ya “kiamshakinywa” kwa kuwa ndivyo mwenyeji anavyomwambia mgeni wake. Birika na mayai vikiwa mezani, hakuna atakayedhani atapewa kikombe kitupu.

Hapa nikiri kwamba wanaolalamika wana hoja kwa sehemu moja. Nambari ni ndefu katika Kiswahili. Kimo cha Mlima Kenya, mita 5,199, kinapotamkwa huchukua silabi 14 kabla hujasema “mita”. Nambari ya simu yenye tarakimu 10 huzidi silabi 20. Hakuna ufundi wa lugha utakaozipunguza. Vitu vya aina hiyo, pamoja na bei na masharti, vinastahili kuandikwa kwenye skrini na kuondolewa kinywani mwa msimulizi. Msikilizaji haandiki nambari ya simu kwa kuisikia mara moja, awe anasikiza lugha gani.

Kipande cha mwisho kilikuwa na maneno haya: “Karibuni nyote, tupo Makutano.” Silabi 12, zinatosha. Hata hivyo, angalia yanayotokea kwa jina la mahali. Ndani ya Kiingereza, “Makutano” ni jina tu, limesimama peke yake na kila mtu anajua ni mahali. Ndani ya Kiswahili linarudi kuwa nomino ya kawaida, mahali njia zinapokutana. “Tupo makutano”, makutano ya nini na nini? Na hata likijulikana kuwa jina, tunazo Makutano nyingi. Iko ya kule Kapenguria, Pokot Magharibi. Iko ile ambapo barabara ya kutoka Nairobi inagawanyika, moja ikielekea Mwea na Embu. Na iko hii ya mjini Meru. Dereva anayetoka Nairobi kwenda Meru kupitia Embu huifikia ile ya njia ya Embu kwanza, zaidi ya kilomita 100 kabla ya hoteli yetu. Akiwa ameisikia video na hakuitazama vizuri, ataegesha gari hapo na kuanza kuulizia hoteli ambayo hakuna anayeijua.

Nilipendekeza: “Makutano, mjini Meru. Karibu.” Nayo ina silabi 12, sawasawa na ya awali. Mji umeingia bila kuongeza hata nusu sekunde, kwa kuwa “nyote” na “tupo” hazikuwa zikifanya kazi. “Mjini” linasaidia pia nje ya mipaka. Mtanzania akisikia “Meru” tupu, fikira zake huenda Arusha, kwenye mlima wenye jina hilo. “Karibuni” nimeirudisha katika umoja kwa sababu skripti nzima ilikuwa imemsemesha mtu mmoja. Kuanza na “amka” na kumalizia na “karibuni nyote” ni kama kumsalimia mtu mlangoni kisha kuhutubia ukuta ulio nyuma yake.

Huenda msomaji amegundua kwamba neno “hoteli” halimo katika mapendekezo yangu. Kwa wengi wetu hapa Kenya, hoteli ni mahali pa kula chapati na maharagwe, awe mtu analala hapo au halali. “Loji” nayo ina sifa zake ambazo sitazieleza gazetini. Mfasiri alikuwa ametumia “hoteli ya kifahari” mara kadhaa, kana kwamba kurudia kungeinua hadhi. Kitanda kimeonekana, jina la hoteli limeandikwa kwenye skrini. Hapakuwa na haja.

Tukivijumlisha vipande hivyo 5, tafsiri ya kwanza ilikuwa na silabi 114 na ya pili ina 73. Katika vipande 3 kati ya hivyo, sauti ya kwanza ilikuwa imepitiliza picha kwa zaidi ya sekunde 6 kwa jumla. Studio ilikuwa tayari kuitatua kwa kuongeza kasi ya sauti kwa mashine. Mbinu hiyo hutambulika upesi kwa anayesikiza Kiswahili. Silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo ndiyo hubeba mkazo, haipati muda wake. “M” ya “mgeni” inamezwa, na “wageni mia tatu” inakuwa mvumo mmoja usiogawanyika. Ukisikia hivyo kwenye tangazo, jua aliyekosea alikosea kwenye karatasi, kabla msimulizi hajafungua mdomo.

Ndiposa ninashauri kwamba mfasiri asipewe skripti bila video. Kwanza aitazame bila sauti, aandike kando ya kila kipande kile ambacho picha imekwisha kusema. Kisha atafsiri kilichobaki, ahesabu silabi, na ajirekodi kwa simu akisoma kwa sauti picha zikipita. Kazi hiyo inamalizika kwa alasiri moja kwa video ya dakika 1. Kwa kawaida anachopewa ni karatasi yenye maneno ya Kiingereza na agizo la kuirudisha kabla ya saa kumi. Ya jioni, ninatumaini.